Karatasi ya fomula za thamodinamiki: sheria, alama na vipimo vinavyoponza mtihanini

Anayekosa swali la kompresa kwa kawaida alikuwa na fomula sahihi mkononi. Ameweka 22 mahali pa 295, au amesoma geji na kulitia shinikizo lake kwenye fomula jinsi lilivyo, au amepata kazi hasi akaifuta alama kwa kudhani amekosea. Kwa hiyo karatasi ya fomula inayofaa kukaririwa ni fupi: milinganyo michache, na kando ya kila mmoja maneno matatu ya ulinzi, yaani unatumika lini, alama zake zinaelekea wapi, na vipimo gani vinaingia.

Karatasi hii si mwakenya wa kufichwa soksini. Ni ukurasa mmoja unaoujenga nyumbani na kuurudia hadi uweze kuuandika bila kuchungulia. Mtihani ukianza, unaumwaga wote nyuma ya kijitabu cha majibu kabla hata ya kusoma swali la pili. Majedwali ya mvuke huwa yanatolewa ukumbini, kwa hiyo usipoteze nafasi kuyakariri.

Tutaujenga ukurasa huo kwa mfano mmoja: kompresa ya pistoni, ya aina inayojaza magurudumu upepo katika gereji yoyote ya Nakuru. Silinda yake inavuta lita 2 za hewa yenye nyuzi 22 za Selsiasi, inaifinya kwa njia ya politropiki yenye n = 1.3, na geji upande wa kutokea inasoma 700 kPa.

## Chora mpaka kabla ya kuandika fomula

Mstari wa kwanza kabisa wa karatasi uwe swali: je, kuna kitu kinachovuka mpaka? Kama ni hewa iliyofungiwa ndani ya silinda, valvu zote zimefungwa, huo ni mfumo funge na unatumia nishati ya ndani, U. Kama hewa inaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili bila kukoma, huo ni mtiririko thabiti na unatumia enthalpi, H. Mashine ile ile inaweza kuulizwa kwa njia zote mbili, na majibu ya kazi hayatalingana. Tutaona pengo lake kwa tarakimu hapo mbele.

Maneno ya kutafuta kwenye swali: "silinda", "tangi lililofungwa" na "tungamo isiyobadilika" yanakupeleka kwenye U. "Kilo kwa sekunde", "tabaini", "boila", "pua" na "kondensa" yanakupeleka kwenye H.

## Sheria ya kwanza na alama zake

Vitabu vya uhandisi vina desturi mbili. Ya kwanza inahesabu kazi inayofanywa na mfumo kuwa chanya. Ya pili, inayopendwa zaidi na watu wa kemia, inahesabu kazi inayofanywa juu ya mfumo kuwa chanya. Zote mbili ni sahihi. Kinachoharibu jibu ni kuanza na moja na kumalizia na nyingine.

```
Desturi A:  Q - W = ΔU     W = ∫ p dV
Desturi B:  Q + W = ΔU     W = -∫ p dV
```

Chagua ile aliyoitumia mhadhiri wako, iandike juu ya ukurasa, na uiandike tena kama sentensi moja mwanzoni mwa kila jibu: "Joto linaloingia ni chanya, kazi inayotoka ni chanya." Mtahini anayesoma sentensi hiyo hana sababu ya kukukata kwa alama. Katika mwongozo huu tunatumia desturi A.

Q katika desturi zote mbili ni chanya likiingia. Hapo hakuna ubishi. Ukiona umefinya hewa na W ikatoka hasi katika desturi A, usiifute: hewa imefanyiwa kazi, haikuifanya. Swali likisema "tafuta kazi inayohitajika", toa jibu kwa maneno, "kazi ya kuingizwa ni 0.371 kJ", na uache alama hasi ndani ya hesabu zako.

Kuhusu kazi ya kufinya au kupanuka katika mfumo funge, mistari mitatu inatosha:

```
shinikizo lisilobadilika:  W = p (V2 - V1)
politropiki, n ≠ 1:        W = (p2 V2 - p1 V1) / (1 - n)
halijoto isiyobadilika:    W = p1 V1 ln(V2 / V1)
```

Mstari wa tatu ni wa gesi bora pekee, na ndiyo ile hali ya n = 1 ambayo mstari wa pili hauwezi kuishughulikia kwa kuwa unagawanya kwa sifuri. Kwa mstari wa pili, angalia chini ya mgawanyo: ni 1 - n, na kwa kompresa hiyo huwa namba hasi. Wengi huandika n - 1 kwa mazoea, halafu wanashangaa Q imetoka kubwa na chanya.

## Shinikizo: geji ya Nakuru haijui usawa wa bahari

Geji inasoma tofauti kati ya shinikizo la ndani na la hewa ya nje. Fomula zote za gesi na majedwali yote ya mvuke yanataka shinikizo kamili. Kwa hiyo:

```
p kamili = p ya geji + p ya hewa
p kamili = p ya hewa - p ya ombwe
```

Vitabu vinampa kila mtu 101.3 kPa, na hiyo ni hewa ya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko juu kiasi cha mita 1,850, ambako hewa ni takriban 81 kPa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni takriban 88 kPa. Ndiyo maana maji ya chai ya Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94 hivi wala hayafiki 100.

Mtihanini kanuni ni rahisi. Swali likitoa shinikizo la hewa, tumia hilo. Likitoa usomaji wa geji bila kutaja hewa, andika "nachukulia hewa ni 101.3 kPa" kisha uendelee. Lisilosameheka ni kutoongeza chochote.

Uzito wa kosa hili hutegemea uko wapi. Boila ya kiwanda cha sukari ikisoma 2,000 kPa, kuongeza 88 au 101 kunabadilisha jibu kidogo sana. Kwenye kondensa ni mambo mengine. Chukua kondensa iliyoko Kisumu yenye ombwe la 75 kPa: shinikizo kamili ni 88 - 75 = 13 kPa, na mvuke unageuka maji kwenye nyuzi 51 hivi. Aliyetumia 101 atapata 26 kPa na kusoma karibu nyuzi 66 kwenye jedwali, na kila kinachofuata kitakuwa kimepotoka. Andika basi kando ya mstari wa ombwe: "shinikizo dogo, kosa kubwa".

Kwa kompresa yetu, p1 = 81 kPa na p2 = 700 + 81 = 781 kPa.

## Halijoto: lini 273 inahitajika

Tofauti ya nyuzi 10 za Selsiasi ni Kelvini 10, kwa hiyo kwenye m cv (T2 - T1) unaweza kubaki na Selsiasi na usidhurike. Popote T inapozidisha, inapogawanya au inapoingia ndani ya ln ikiwa peke yake, Kelvini ni lazima. Hiyo inahusu pV = mRT, uwiano wa T2/T1, ufanisi wa Karno na entropi.

Kosa hili ni hatari kwa kuwa halipigi kelele. Kwa kompresa yetu, T2 ni T1 ikizidishwa kwa 1.687. Mwenye Selsiasi anazidisha 22 na kupata nyuzi 37, jibu linaloonekana la kawaida kabisa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kugusa kichwa cha kompresa inayofanya kazi anajua kwamba si vuguvugu la mwili. Jibu la kweli ni zaidi ya nyuzi 220.

## Kompresa, hatua kwa hatua

Chukua hewa kuwa gesi bora yenye R = 0.287, cv = 0.718 na cp = 1.005, zote katika kJ/kg K. Hizi tatu zikaririwe pamoja, kwa kuwa cp ukitoa cv lazima ikupe R. Ukiona 8.314 kwenye swali, hiyo ni ya kilomoli. Igawe kwa 28.97 ndipo uitumie pamoja na kilo.

Vipimo vya ukurasa mzima viwe kPa, m³, kg, K na kJ. Sababu ni kwamba kPa mara m³ ni kJ moja kwa moja, bila kuongeza sufuri popote. Ukiacha ujazo katika lita, kPa mara lita ni juli, si kilojuli. Ukitumia baa, baa moja mara m³ ni kJ 100. Lita 2 ni 0.002 m³.

Anza na tungamo:

```
m = p1 V1 / (R T1)
  = 81 × 0.002 / (0.287 × 295)
  = 0.001913 kg
```

Gramu mbili hivi kwa lita mbili ni jambo la kuaminika. Ungepata kilo 1.9 ungejua kwamba lita ziliingia kama m³.

Kisha hali ya mwisho. Uwiano wa shinikizo ni 781 / 81 = 9.642.

```
T2 = T1 (p2/p1)^((n-1)/n)
   = 295 × 9.642^(0.3/1.3) = 497.7 K

V2 = V1 (p1/p2)^(1/n)
   = 0.002 × 9.642^(-1/1.3) = 0.000350 m³
```

Hapa pana ukaguzi wa sekunde kumi unaonasa makosa mengi: pV/T mwanzoni na mwishoni lazima zilingane. 81 × 0.002 / 295 ni 0.000549, na 781 × 0.000350 / 497.7 ni 0.000549. Aliyekosea kipeo, aliyechanganya Selsiasi na Kelvini au aliyegeuza uwiano juu chini atakamatwa hapa. Ukaguzi huu hautamnasa aliyesahau kuongeza hewa kwenye geji, kwa sababu amekosea kwa usawa pande zote za hesabu. Yeye angetumia 700 / 81 na kupata 485 K, na hakuna chochote baadaye kingemshtua. Ndiyo maana shinikizo linakaguliwa kabla ya kuanza.

Sasa kazi, nishati ya ndani na joto:

```
W  = (781×0.000350 - 81×0.002) / (1 - 1.3)
   = -0.371 kJ

ΔU = m cv (T2 - T1)
   = 0.001913 × 0.718 × 202.7 = +0.278 kJ

Q  = ΔU + W = 0.278 - 0.371 = -0.093 kJ
```

Usikadirie V2 mapema kwenye kikokotoo. Weka tarakimu zote hadi mwisho, kwa kuwa Q ni tofauti ya namba mbili zilizo karibu na kosa dogo linakua ndani yake.

Alama inasema joto limetoka. Je, ni sawa? Kwa hewa, n ikiwa 1.4 hakuna joto linalopita, na n ikiwa 1 halijoto haibadiliki. Ukifinya kwa n iliyo kati ya hizo mbili, joto lazima litoke. Hapa n ni 1.3, Q ni hasi, mambo yamekaa. Mwenye desturi B atakuwa na W = +0.371 na Q ile ile -0.093. Q na ΔU hazibadiliki kwa desturi, zikibadilika, umechanganya.

## Mashine ile ile ikiulizwa kama mtiririko

Tuseme swali linauliza kazi ya mhimili kwa hewa hiyo hiyo ikiingia na kutoka. Sasa hewa inasukumwa ndani na inasukuma nje, na kazi hiyo ya kusukuma, pV, imeshajumlishwa ndani ya enthalpi kwa kuwa H = U + pV.

```
Q - W = m [ (h2 - h1) + (c2² - c1²)/2000 + g(z2 - z1)/1000 ]

politropiki, mtiririko:
W = n (p2 V2 - p1 V1) / (1 - n)
```

Tofauti pekee ya fomula ya kazi ni ile n iliyoongezeka juu. Kwa kompresa yetu, W = 1.3 × (-0.371) = -0.482 kJ. Mabadiliko ya enthalpi ni 0.001913 × 1.005 × 202.7 = 0.390 kJ, na Q kwa tarakimu zote ni -0.093 kJ, ingawa 0.390 - 0.482 zilizokadiriwa zingekupa -0.092. Joto limerudi lile lile, jambo linalopaswa kutokea kwa kuwa hewa imepitia hali zile zile. Anayesahau n anapoteza takriban robo ya kazi, na anayetumia cv pamoja na kazi ya mtiririko anapata joto la uongo. Andika kwenye ukurasa: "funge: U, cv. Mtiririko: H, cp, n juu."

Ile 2000 chini ya mraba wa kasi ndiyo kitanzi cha maswali ya tabaini na pua. Mraba wa m/s ukigawanywa kwa mbili unatoa juli kwa kilo, ilhali enthalpi ya jedwali ni kilojuli. Mvuke wa 150 m/s una 11.25 kJ/kg. Asiyegawanya kwa elfu anaandika 11,250 na tabaini yake inazalisha nguvu zisizokuwepo duniani. Mwinuko, kwa upande wake, hauna uzito hapa: mita 10 ni 0.1 kJ/kg tu, uachwe isipokuwa swali ni la maji na bwawa. Na kilo kwa saa zigawe kwa 3,600 kabla hazijagusa kJ, ndipo jibu liwe kW.

## Sheria ya pili

Sheria ya sifuri na ya tatu huulizwa kama maelezo ya mstari mmoja. Zipe mstari mmoja. Ya pili ndiyo yenye hesabu:

```
Karno:     η = 1 - Tbaridi / Tmoto       (Kelvini)
gesi bora: ΔS = m [ cp ln(T2/T1) - R ln(p2/p1) ]
jumla:     ΔS mfumo + ΔS mazingira ≥ 0
```

Kwenye Karno, mvuke wa nyuzi 180 na ubaridi wa nyuzi 40 unatoa 1 - 313/453, yaani asilimia 31. Kwa Selsiasi ungepata asilimia 78. Mtambo unaotumia mvuke wa nyuzi 180 haukaribii huko, hata ule wa jotoardhi wa Olkaria.

Kosa la alama hapa ni kudhani entropi ya mfumo haiwezi kupungua. Inaweza, joto likitoka. Kwa hewa yetu:

```
ΔS hewa = 0.001913 × [1.005 ln(497.7/295) - 0.287 ln(9.642)]
        = -0.000239 kJ/K
```

Hasi, na hakuna ubaya. Mazingira ya 295 K yamepokea 0.093 kJ, kwa hiyo ΔS yake ni +0.0926 / 295 = +0.000314 kJ/K. Angalia alama: joto lililotoka kwenye hewa limeingia kwenye mazingira, basi Q inageuka chanya, na T inayogawanya ni ya mazingira, si ya hewa. Jumla ni +0.000075 kJ/K. Ingekuwa hasi, ungejua kwamba alama ya Q imepinduka mahali fulani, na ungerudi kuitafuta kabla ya kijitabu kukusanywa.

## Kuukariri ukurasa

Chukua karatasi tupu na uandike kwa mpangilio huu huu: mpaka, desturi ya alama, vipimo, shinikizo kamili, mistari mitatu ya kazi, thamani tatu za hewa, mlinganyo wa mtiririko, sheria ya pili. Linganisha na ile asili kwa kalamu nyekundu, na urudie kesho yake zile sehemu nyekundu tu. Zitakazobaki nyekundu hadi mwisho kwa kawaida ni 1 - n, ile 2000, na n ya juu kwenye mtiririko.

Halafu fanya mfano wa kompresa tena ukiwa umebadilisha mahali: hewa ya Kisumu ya 88 kPa na nyuzi 27, geji ile ile, n ile ile. Halijoto ya mwisho inapaswa kukaribia 498 K tena, kwa kuwa hewa imeanza na joto zaidi lakini uwiano wa shinikizo umeshuka hadi 8.95.